Stika ni halali, gari silo

Shemeji yangu alinunua Noah kwa mtu Tabata, gari la miaka mingi lakini injini bado inasikika vizuri. Siku ya tatu akaikatia bima. Hakwenda ofisi yoyote; alimkuta kijana chini ya mwavuli, karibu na yadi ya magari, ana simu mbili na kibango cha "BIMA HAPA". Akatoa shilingi 75,000, akapigwa picha kadi ya gari, na kabla hajamaliza soda yake stika ikaingia WhatsApp. Nembo ipo, jina la kampuni lipo, namba ya gari lake ipo, ule mraba wa vidoti wa kuskani nao upo. Akaichapa kwa rangi steshenari ya jirani na kuibandika kiooni.

Jumapili alipokuja nyumbani nikamwomba anisomee namba ya stika. Nikafungua tiramis.tira.go.tz, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambao mtu yeyote anaweza kuhakiki bima humo bila kulipa na bila kuwa na akaunti. Nikaandika namba. Ikatokea: bima hai, kampuni ni ile ile iliyoandikwa kwenye stika, na miezi iliyobaki ni mingi.

"Si nilikwambia, shemeji?" akacheka.

"Subiri kwanza. Namba ya chombo hiyo inaanza na nini?"

Ilianza na MC. Kwetu Tanzania bara MC ni pikipiki. Stika ilikuwa ya kweli kabisa, ila ni ya bodaboda ya mtu fulani ambaye huenda hadi leo hajui kuwa bima yake imebandikwa kwenye kioo cha Noah. Kijana wa mwavuli alichukua picha ya stika halisi, akafuta namba ya pikipiki, akaandika ya gari. Kazi ya dakika mbili kwenye simu. Nilipotafuta upya kwa namba ya gari lenyewe, mfumo ukaleta bima moja tu: ile ya mwenye gari wa zamani, iliyokwisha mwezi Machi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tunakokosea. Tukiambiwa stika feki tunafikiria karatasi: wino uliochuja, nembo iliyopinda, maandishi yenye makosa. Enzi za stika za karatasi zilizoletwa kwa vitabu, macho yalikuwa na kazi. Stika ya sasa huzaliwa kwenye kompyuta na karatasi ni kivuli chake tu. Kishoka mwenye printa nzuri atakutolea kivuli safi kuliko kilichotoka kwa wakala halali ambaye printa yake imeishiwa wino. Kwa hiyo ukishika stika mkononi ukaisifia kuwa imetulia, hujahakiki chochote.

Hata kuandika namba ya stika kwenye mfumo, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, ni nusu ya kazi. Namba ya stika inakupa jibu la swali moja: je, bima hii ipo? Swali linalokuhusu wewe ni jingine: je, gari hili lina bima? Ndiyo maana nasisitiza utafute kwa namba ya gari, kisha kwa namba ya chesesi, na ile ya stika iwe ya mwisho. Njia zote tatu zikikuleta kwenye rekodi moja, yenye tarehe zile zile na kampuni ile ile, hapo una kitu.

Chesesi watu wengi huiruka, na hasa magari yetu ya Kijapani yanaumiza hapo. Namba zake ni fupi, zina kistari katikati, na wakala aliyechoka huandika herufi O mahali pa sifuri au huacha tarakimu moja. Hilo si utapeli, ni uzembe, lakini siku ya ajali mpelelezi wa kampuni ya bima anakuja na kalamu na anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, si ile iliyo kichwani mwako. Basi fungua boneti, isome mwenyewe, uilinganishe na kadi ya gari na mfumo. Kama gari limetoka bandarini na lilikatiwa bima kwa chesesi kabla halijapata namba za usajili, rudi kwa aliyekuuzia aweke namba hizo. Nimeona wenye magari waliokaa mwaka mzima na bima isiyoonekana kila trafiki alipotafuta kwa pleti.

Sasa turudi kwenye zile 75,000. Shemeji aliziona ni bahati. Mimi naziona ni ushahidi. Bima ndogo, ile ya kufidia mtu wa tatu, kwa gari dogo la binafsi ina kima cha chini: shilingi 100,000, na juu yake Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, jumla 118,000. Hiki ni kima cha usimamizi. Kampuni haziuzi chini yake ili kuvutia wateja, na wakala hana mamlaka ya kukupunguzia. Mtu akikuuzia kwa 75,000, fikiria fedha inatoka wapi. Hawezi kuilipa kampuni 118,000 akakudai wewe 75,000. Ama hakulipa kitu, ama amelipia kitu kingine kilicho rahisi zaidi.

Tena kodi hiyo ya asilimia 18 inakupa kipimo kingine ambacho vishoka hawakipendi. Ukilipa, dai risiti ya EFD. Risiti hiyo ina namba yake ya uhakiki, nayo huchunguzwa kwenye verify.tra.go.tz. Kijana wa mwavuli anaweza kuchora stika, lakini kutoa risiti inayosomeka kwenye mfumo wa TRA, yenye jina la kampuni ya bima au la wakala na kiasi ulicholipa, ni mlima mwingine. Pesa nayo iende kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni au la wakala aliyesajiliwa. Ukiona kwenye ujumbe wa uthibitisho jina la mtu binafsi ambaye hujamsikia, usibonyeze namba ya siri.

Neno kuhusu ule mraba wa kuskani. Usiuamini kwa sababu umeukuta juu ya stika. Mraba ni anwani tu, na aliyeuchapa ndiye anayeamua anwani ikupeleke wapi. Anaweza kukupeleka kwenye ukurasa alioutengeneza mwenyewe, umepakwa rangi za serikali, unaosema bima yako ni hai. Andika anwani kwa mkono wako na uangalie kuwa inaishia na .go.tz. Ni usumbufu wa sekunde kumi.

Yote hayo ni feki za wazi. Kinachonisumbua zaidi ni ile bima ambayo ipo, ni ya gari hilo hilo, imelipiwa, na bado haitakusaidia kwa sababu imeandikwa matumizi yasiyo yako. Noah ya shemeji haikununuliwa kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Aliinunua abebe abiria. Bima ya gari la binafsi ni 118,000. Ya gari la abiria la kulipisha ni zaidi, kwa sababu hesabu yake inagusa na viti. Wakala anayetaka kukufurahisha, au wewe mwenyewe unayetaka kuokoa, mnaandika "binafsi" na maisha yanaendelea. Trafiki akihakiki anaona bima hai. Wewe ukihakiki unaona bima hai. Anayekuja kuona tofauti ni mthamini wa hasara, baada ya abiria wanne kupelekwa hospitali, anapouliza swali dogo: hao waliokuwa ndani walikuwa ndugu zako au walilipa nauli?

Kwa hiyo usiishie kwenye stika. Dai hati yenyewe ya bima, kavanoti, usome mistari mitatu: matumizi ya gari, idadi ya viti au uzito, na tarehe. Tarehe hasa ya kuanza. Bima iliyokatwa saa nane mchana haifidii ajali ya asubuhi, na zipo bima za muda mfupi ambazo mteja anadhani ni za mwaka kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kisha hakiki tena baada ya wiki moja au mbili. Bima ikiingizwa kwenye mfumo inaweza pia kufutwa, na wakala aliyekula fedha ya kampuni hana haraka ya kukupigia simu kukueleza. Wenye malori yanayovuka mpaka nao wakumbuke kuwa stika ya nyumbani inaishia mpakani. Huko mbele huulizwa kadi ya njano ya COMESA, na hiyo nayo ina waigizaji wake.

Nimesema habari ya stika kwa kirefu, lakini hata stika safi inaweza kuuawa na mtu mmoja: dereva. Mikataba ya bima ya magari ina sharti kwamba anayeendesha awe na leseni hai ya daraja la chombo kile. Ukiwa na bima kubwa na dereva wako akaipindua Fuso akiwa na leseni ya kughushi, kampuni ina sababu iliyoandikwa ya kukataa kukutengenezea. Upande wa mtu wa tatu sheria humlinda zaidi yule aliyegongwa, ila kampuni ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe uirudishie. Kwa maneno mengine, ulilipa bima mwaka mzima na bado hasara imerudi mlangoni kwako kupitia kadi ya plastiki ya mtu mwingine.

Miaka miwili iliyopita nilisaidia jamaa mmoja kutafuta dereva wa lori la mchanga. Akaja bwana wa makamo, mtulivu, salamu zake za heshima, anajua njia zote za machimbo. Akatoa leseni. Nikaigeuza mkononi na sikuona kasoro. Picha ni yake, madaraja yameorodheshwa, na E ipo, daraja la magari makubwa ya mizigo. Tarehe ya kutolewa na ya kwisha zimeachana miaka 5, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu tangu mwaka 2019 leseni zetu hudumu miaka 5 badala ya 3. (Nimewahi kuletewa leseni ya miaka 10. Aliyeitengeneza alikuwa mkarimu.)

Nikamwuliza, "Kaka, daraja E ulilipatia wapi?"

"Polisi, mkuu."

"Kabla ya polisi. Ulisoma chuo gani?"

Akasema alisoma NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Nikafurahi, maana ni chuo kinachofundisha hasa madereva wa magari makubwa na mabasi. VETA nao hufundisha. Nikaomba kuona cheti. Kikawa nyumbani kijijini. Nikamwuliza kozi ilichukua muda gani, walikuwa wangapi darasani, walifanyia mazoezi gari gani. Akatazama chini. "Mzee, tuseme ukweli. Lori naliendesha tangu nikiwa utingo. Daraja niliongezewa tu."

Hapo ndipo ugumu wa leseni ulipo. Kadi ile haikuwa ya kughushi. Ilichapwa mahali inapochapwa, kwa jina lake, kwa kodi yake. Kilichoghushiwa ni safari ya kuifikia. Kwa kawaida mtu huanza na leseni ya kujifunzia, akasoma shule ya udereva, akapimwa na polisi wa usalama barabarani na kupewa cheti cha umahiri, ndipo TRA ikampokea, ikamtoza na kumchapia kadi. Kwa daraja la abiria au la mizigo mizito kunatakiwa pia mafunzo ya chuo. TRA wanachapa kile kilichothibitishwa huko nyuma. Wao si wapima udereva. Kiungo kimoja cha nyuma kikiuzwa, mbele hutoka kadi halisi yenye uongo ndani. Jeshi la Polisi lenyewe limewahi kuwaita madereva wa mabasi na malori walete leseni na vyeti vya vyuo vyao vihakikiwe, na halingefanya hivyo kama kadi pekee ingetosha.

Kwa hiyo anayeajiri ana kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kujua kama kadi ni ya kweli. Mwambie alete kadi yenyewe, si picha ya simu wala nakala, na hadithi ya "original imekwama, inachapwa" isikulainishe. Linganisha majina na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Waghushi hukosea majina ya katikati. Kisha nenda naye TRA au kwa ofisi ya usalama barabarani ya wilaya mkaulizie namba ya leseni. Nasema nenda naye, kwa sababu mbili. Anayejua leseni yake ni mbovu ataahirisha safari hiyo mara tatu na utakuwa umepata jibu bila nauli. Na pia taarifa zile ni zake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ni vizuri uwe na ridhaa yake kwa maandishi kabla hujaanza kuchunguza na kutunza nakala.

Watu huniambia wao huangalia tms.tpf.go.tz, mfumo wa polisi wa faini za barabarani, na wakiona namba ya leseni haina deni wanatulia. Angalieni, lakini mwelewe mnachokisoma. Mfumo ule unajibu habari ya makosa yasiyolipwa. Namba isiyo na deni inaweza kuwa ya dereva mwangalifu, na inaweza kuwa namba isiyo ya mtu yeyote. Faida yake ni upande wa pili: dereva mwenye rundo la faini za 30,000 za mwendo kasi amejieleza kuliko barua tatu za mwajiri aliyepita.

Kazi ya pili ni ile safari ya nyuma. Cheti cha chuo kina namba na mwaka, na chuo kina ofisi ya usajili inayoweza kusema ndiyo au hapana. Kwa mabasi pana msaada zaidi: LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, huwapima na kuwathibitisha madereva, na dereva aliyethibitishwa hupewa kitufe cha utambuzi anachokigusisha kwenye gari kabla ya kuondoka, mfumo ukajua nani yuko kwenye usukani. Anayeomba kazi ya basi akiwa hana kitufe wala cheti cha LATRA, mwulize kwa nini. Kwenye malori ya mchanga na daladala za mtaani hatujafika huko.

Na baada ya yote hayo kuna deiwaka. Umehakiki dereva, umempa funguo, mnapatana hesabu. Saa saba mchana amechoka, anamwachia kijana wa kituoni apige trip mbili. Kijana huyo hana leseni kabisa, au ana ya pikipiki. Ajali nyingi ninazosimuliwa, anayekutwa kwenye usukani siye aliyeajiriwa. Hakuna tovuti ya kulihakiki hilo. Jamaa yangu wa lori la mchanga aliandika kwenye mkataba kwamba gari likikutwa na mtu mwingine kazi imekwisha siku hiyo hiyo, kisha akawa anapita machimboni bila taarifa. Alimfukuza mtu mmoja katika mwezi wa pili, na baada ya hapo hesabu ilikuja pungufu kidogo lakini gari lilirudi likiwa zima.

Shemeji, kwa upande wake, alikwenda ofisi ya kampuni, akasema kweli kuwa Noah inabeba abiria, akalipa zaidi ya 118,000 huku akinung'unika. Tuliketi kwenye gari nje ya ofisi, tukatafuta kwa pleti, kwa chesesi, kwa namba ya stika. Rekodi ikaja moja. Zile 75,000 hakuzipata. Tulipopita pale yadi mwavuli ulikuwepo, kijana alikuwa mwingine, naye alisema hamjui aliyekuwepo kabla yake.

Yule bwana mtulivu wa daraja E hatukumchukua. Wiki tatu baadaye nikiwa kwenye foleni ya barabara ya Mandela, Fuso iliyojaa mchanga ikasimama kando yangu. Alikuwa yeye. Akanitambua, akanipungia mkono na kupiga honi, taa zikawaka kijani, akaondoka.